Butembo: Kabla ya kutuma avansi China, angalia kama karatasi za muuzaji zinasema neno moja

Avansi ilikuwa dola 8,928. Mama huyu, muuzaji wa vifaa vya sola katikati ya mji wa Butembo, Kivu ya Kaskazini, alikuwa amekwisha kukusanya feza hizo pamoja na washirika wake wawili. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Muuzaji wa China, waliyekutana naye kwenye mtandao wa Alibaba, alikuwa amewaambia kwamba bei yake inaisha Ijumaa jioni.

« Nilikuwa tayari kwenda benki, » anasema mama huyo, ambaye ameomba tusitaje jina lake kwa sababu bado anafanya biashara hiyo. « Kitu kimoja tu kilinirudisha. Kijana wa dada yangu aliniuliza: Mama, ile namba iko kwenye karatasi yao, umeiangalia wewe mwenyewe? »

Hakuwa ameiangalia. Alikuwa na picha ya cheti cha kampuni, picha za kiwanda, na maneno mazuri kutoka kwa wateja. Vyote hivyo vilitoka kwa mtu mmoja, muuzaji mwenyewe. Siku nne zilizofuata alizitumia kuuliza mambo matatu: kampuni hii imeandikishwa wapi, inakaa wapi kweli, na imewahi kumuuzia nani. Tumefuata safari yake hatua kwa hatua, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa Butembo, Beni na Bunia wanaagiza mali kwa njia hiyo hiyo, kontena likipita Mombasa, Kampala na Kasindi.

Komande ilikuwa hivi: paneli 620 za wati 550, kontena moja lenye urefu wa futi 40. Wauzaji wengine walikuwa wakiomba kati ya dola 58 na 62 kwa paneli moja. Huyu aliomba 48. Jumla ilikuwa dola 29,760, asilimia 30 ikilipwa mbele na salio kabla ya kontena kupakiwa. Bei ya chini peke yake haimfanyi mtu kuwa mwizi, kwani kiwanda kinaweza kuwa na mali iliyobaki. Lakini bei iliyo chini namna hiyo inataka maelezo, na maelezo hayo hupatikana kwenye karatasi.

Namba yenye herufi na tarakimu 18

Mfanyabiashara wa kwetu anajua RCCM, Id. Nat. na namba ya kodi. Kule China, tangu Oktoba 2015, vitu vya namna hiyo vimeunganishwa katika namba moja yenye nafasi 18. Inaandikwa kwenye leseni ya biashara ya kila kampuni, na kampuni haiwezi kuwa na namba mbili. Ukikosa namba hiyo, huna kitu cha kuchunguza. Jina la Kiingereza ambalo muuzaji anatumia kwenye mtandao si jina la kisheria: jina la kisheria la kampuni ya China ni la Kichina tu, na jina la Kiingereza linaweza kubadilishwa kila mwezi.

Namba hiyo inasomeka hata na mtu asiyejua Kichina. Tarakimu ya kwanza inaonyesha idara iliyoandikisha, na 9 ni idara ya biashara. Ya pili inaonyesha aina: 1 ni kampuni, 2 ni mtu binafsi mwenye biashara ndogo. Kisha zinafuata tarakimu sita za mahali ilipoandikishwa. 44 ni jimbo la Guangdong, na 4401 ni mji wa Guangzhou. 32 ni jimbo la Jiangsu. 330782 ni mji wa Yiwu. Katika namba nzima herufi I, O, Z, S na V hazitumiki kamwe. Ukiona moja ya hizo, karatasi imetengenezwa na mtu asiyejua kanuni.

Muuzaji wa mama yetu alikuwa amesema: « Sisi ni kiwanda cha Guangzhou. » Namba kwenye picha ya leseni ilianza na 91330782. Yaani kampuni, ndiyo, lakini imeandikishwa Yiwu, katika jimbo la Zhejiang, mji unaojulikana dunia nzima kwa soko lake la vitu vidogovidogo: vichezeo, vitana, mapambo.

Hilo bado si kosa. Kampuni inaweza kuandikishwa mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kufungua rejista yenyewe. Serikali ya China ina ukurasa wa bure ambamo kila kampuni inaonekana: www.gsxt.gov.cn. Unaandika zile nafasi 18 na kampuni inatokea. Tatizo ni kwamba ukurasa huo ni wa Kichina, na ukiwa nje ya China mara nyingi unachelewa au unakataa kufunguka. Mama alimwomba komisioneri mmoja Mkongomani anayekaa Guangzhou, mtu ambaye wauzaji wa Butembo wanamtumia tangu miaka mingi, aufungulie kule na kumtumia picha za kila ukurasa.

Mambo manne yalitazamwa. La kwanza ni hali ya kampuni. Neno 存续 linamaanisha kampuni ipo hai. Neno 注销 linamaanisha imefungwa na kufutwa, na 吊销 kwamba imenyang'anywa leseni. Hii ya mama ilikuwa hai. La pili ni tarehe ya kuanzishwa: ilikuwa na miezi minane tu, ijapokuwa ukurasa wake wa mauzo ulionyesha miaka sita. La tatu ni kazi ambayo kampuni imeandika kwamba inafanya: vichezeo, vyombo vya nyumbani, nguo. Hakukuwa na neno lolote la umeme au la sola. La nne ni orodha ya kampuni zenye kasoro, ambayo tutairudilia.

« Pale ndipo moyo ulianza kunidunda, » anasema. « Lakini muuzaji alikuwa na jibu. Alisema ile ni kampuni dada, kiwanda chenyewe kina jina lingine. »

Jibu la namna hiyo linasikika mara nyingi, na mara nyingine ni la kweli. Basi mwulize jina hilo lingine kwa Kichina na namba yake ya nafasi 18, kisha anza upya tangu mwanzo. Mwenye kiwanda cha kweli anaitoa kwa dakika tano. Huyu aliahidi kuituma « kesho ».

Adrese: chumba au kiwanda?

Leseni inaandika adrese rasmi, na hapo pia neno moja tu linaweza kukusaidia. Adrese inayomalizika kwa alama 室 ni ya chumba ndani ya jengo la maofisi. Adrese yenye 工业区 iko kwenye eneo la viwanda. Kampuni yenye adrese ya chumba kwa kawaida ni mchuuzi wa katikati, anayenunua kiwandani na kukuuzia wewe. Wachuuzi wengi wa namna hiyo ni watu wa haki, na kwa komande ndogo wanaweza kukufaa kuliko kiwanda. Ubaya ni pale mtu wa chumba anapokuambia kwamba ana mashine na wafanyakazi mia mbili.

Kutafuta adrese kwenye ramani ya Google hakutoshi. Ndani ya China ramani hiyo haikai sawa na picha za angani: sehemu inaweza kuonekana mita mia kadhaa mbali na mahali pake, kwa sababu China inalazimisha mfumo wake wa kupima ramani. Ramani ya Baidu, map.baidu.com, ndiyo inayolingana, na katika miji mingi inaonyesha hata picha za barabara. Bandika adrese ya Kichina kama ilivyo kwenye rejista, si ile ya Kiingereza aliyokuandikia muuzaji.

Njia ya pili haina gharama. Omba simu ya video, lakini wewe ndiye upange inavyoendeshwa. Ianze nje, kwenye geti, kibao cha kampuni kikionekana, kisha simu iingie ndani bila kukatika hadi mahali leseni ilipotundikwa. Sheria ya China inataka leseni iwekwe mahali inapoonekana wazi, kwa hiyo ombi lako si la ajabu wala si tusi. Linganisha jina la Kichina la kibao na lile la leseni, alama kwa alama. Video iliyorekodiwa jana haina maana, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuichukua kwenye mtandao wa mwenzake.

Njia ya tatu ni kumtuma mtu. Komisioneri alilipwa dola 60 kwa kwenda kwenye adrese ya Guangzhou iliyokuwa kwenye fakture. Alikwenda bila kutoa taarifa. Ujumbe wake wa sauti mama bado anauhifadhi kwenye simu: « Mama, hapa hakuna kiwanda. Ni biro moja ghorofa ya kumi na tatu, mlango umefungwa. Jirani anasema watu wanachukua tu barua hapa. »

Hapo ndipo ile orodha ya kampuni zenye kasoro inapoingia. Kwa kanuni zilizowekwa China mwaka 2014, kampuni inaandikwa kwenye orodha hiyo kwa sababu kama hizi: haikutoa ripoti ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, imetoa habari za uongo, au wakaguzi walishindwa kuipata kwenye adrese yake. Sababu inaandikwa wazi kwenye ukurasa wa kampuni. Kama iliandikwa kwa kuchelewesha ripoti na ikaondolewa baada ya kuitoa, ni uzembe uliorekebishwa. Kama imeandikwa kwamba haipatikani kwenye adrese na bado haijaondolewa, basi serikali yao wenyewe imeitafuta na kuikosa. Wewe wa Butembo utaipata wapi?

Kampuni ya Yiwu haikuwa kwenye orodha hiyo. Na hapa kuna funzo: kampuni ya miezi minane inaweza kuwa safi kwenye orodha kwa sababu tu wakati wake wa kutoa ripoti haujafika. Ukurasa safi wa kampuni changa hauthibitishi kitu.

Mauzo ya zamani: nani amenunua kweli?

Kwenye mtandao wa mauzo, muuzaji huyo alikuwa na nyota karibu tano na alama ya dhahabu. Watu wengi wanasimama hapo. Lakini alama ya « Gold Supplier » ni uanachama wa kulipia. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Alibaba yenyewe ilitangaza kwamba wauzaji wake 2,326 wenye alama hiyo walikuwa wamefanya udanganyifu dhidi ya wanunuzi katika miaka ya 2009 na 2010, na kwamba wafanyakazi wake wa mauzo wapatao 100 walihusika au walifumba macho. Mkurugenzi mkuu, David Wei, alijiuzulu. Tangu hapo ukaguzi umeongezwa, na alama ya « Verified Supplier » inaonyesha kwamba kampuni ya nje ilikwenda kukagua. Hata hivyo, fungua ripoti ya ukaguzi huo uone jina la nani na adrese gani vilikaguliwa.

Nyota zisome taratibu. Mama alirudi nyuma mpaka maoni ya kwanza. Kwa miaka mitano wateja walikuwa wakisifu vikasha vya simu. Kisha kukawa na kimya cha miezi saba. Halafu, ndani ya siku tisa, maoni 14 juu ya paneli za sola, yote mafupi, na karibu yote ni ya komande za paneli moja au mbili. Ndiyo sababu ukurasa ulikuwa na miaka sita na kampuni miezi minane: inaonekana ukurasa wa mtu mwingine ulibadilisha mikono. Nyota zilikuwa za kweli, ila hazikuwa za muuzaji huyu wala za mali hii.

Baadaye aliomba mteja wa Afrika ambaye angeweza kumuuliza. Alipewa namba ya mtu wa Kampala « mwenye duka Kikuubo ». Mtu huyo alijibu kwa maandishi tu, alikataa simu ya sauti, na alipoulizwa duka liko kwenye jengo gani alijibu kwamba yuko safarini. Mpwa wa mama aliyeko Kampala alipita Kikuubo na kuuliza kwa wauzaji wa sola. Hakuna aliyemjua.

Ushahidi wa mauzo ulio na uzito ni karatasi ya meli, ile tunayoita konesema. Mwombe muuzaji nakala ya konesema ya mzigo aliopeleka Mombasa au Dar es Salaam miezi ya karibuni. Ana haki ya kufuta jina la mteja wake. Asifute namba ya konesema wala namba ya kontena, ambayo ina herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, na tarakimu saba. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa kampuni ya meli, kama Maersk, MSC au CMA CGM, uone kama kontena hilo lilisafiri kweli tarehe hizo kwenda bandari hiyo. Fanya haraka, kwa maana habari za safari za zamani huondolewa baada ya muda. Tazama pia jina la aliyetuma mzigo. Wachuuzi wadogo mara nyingine hutumia jina la wakala wa kusafirisha, hivyo jina tofauti linahitaji maelezo, si lazima liwe uongo.

Muuzaji wa mama hakutuma konesema. Alituma fakture yenye namba ya benki, na kumkumbusha kwamba kesho bei inapanda.

Akaunti ya benki inafunga hesabu

Akaunti ilikuwa Hong Kong, kwa jina la kampuni ya tatu, ambayo haikuwa ile ya leseni wala ile ya ukurasa. Kampuni nyingi za China zina akaunti Hong Kong, na hilo peke yake si hatia. Lakini Hong Kong ina rejista yake, tofauti kabisa na ile ya China bara, na kufungua kampuni pale ni kazi ya siku chache. Ukilipa jina lingine, leseni yote uliyochunguza haikuhusu tena: siku ya ugomvi, kampuni ya leseni itasema haijapokea senti moja kutoka kwako. Na akaunti ya mtu binafsi kwa komande ya kontena ni sababu ya kuacha mara moja.

Mama aliomba kulipa ndani ya mtandao wenyewe, kwa utaratibu uitwao Trade Assurance, ambao unalinda malipo yaliyopitia humo tu. Muuzaji alikataa, akisema gharama ni kubwa. Mazungumzo yaliishia hapo. Wiki mbili baadaye ukurasa ule ulikuwa umefungwa.

Washirika watatu walianza upya na muuzaji wa Jiangsu, aliyeomba dola 59 kwa paneli. Namba yake ilianza na 9132, sawa na adrese aliyotoa. Kampuni iliandikishwa 2016, na kazi yake iliandikwa kuwa ni kutengeneza paneli za sola. Iliwahi kuingia kwenye orodha ya kasoro 2019 kwa kuchelewesha ripoti, ikatolewa mwezi uliofuata. Konesema yake ya Shanghai hadi Mombasa ilionekana kwenye ukurasa wa meli. Jiangsu iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Guangzhou, hivyo badala ya komisioneri walilipa kampuni ya ukaguzi dola 280 kwa siku moja: mkaguzi aende kwenye adrese ya rejista, apige picha ya leseni ukutani na kuhesabu mashine.

Kabla ya hapo mama alifanya jambo moja ambalo anasema atalirudia daima. Alipiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni ndani ya rejista, si ile aliyopewa na muuzaji. Komisioneri alizungumza Kichina: je, mnamjua mfanyakazi huyu, na fakture hii ni yenu? Jibu lilikuwa ndiyo. Hatua hii ndiyo inayokamata mwizi wa ujanja zaidi, yule anayetumia leseni halali ya kampuni ya watu wengine. Kwake namba itakuwa sahihi, adrese sahihi, miaka sahihi, lakini kampuni yenyewe haimjui.

Mkataba uliandikwa kwa jina la Kichina, pamoja na ile namba, na kugongwa muhuri wa kampuni, ambao kwa kawaida ni mwekundu, wa duara, wenye nyota katikati. Avansi, dola 10,974, ilikwenda kwenye akaunti yenye jina hilo hilo.

Uchunguzi huu una mpaka wake. Unakuambia kwamba kampuni ipo, inakaa inaposema, na imewahi kusafirisha mali hiyo. Haukuambii kwamba paneli za mzigo huu zitatoa wati 550. Hiyo ni kazi ya ukaguzi wa mali kabla ya kupakiwa, na salio la asilimia 70 lisitoke kabla ya hapo.

Kontena liliingia Kasindi na mali ikafika Butembo. Paneli nne zilikuwa zimevunjika kioo, na muuzaji amekubali kuzipunguza kwenye komande ijayo. Mama hakufurahia paneli nne hizo, lakini anajua ni nani wa kumdai, kwa jina gani na kwenye adrese ipi.

« Ile bei ya 48 ilikuwa inanipa faida ya dola elfu saba kwenye karatasi, » anasema, akipanga fakture zake mezani. « Kuichunguza kulinila dola 60 na siku nne. »